Kujaza Kitangulizi Kilichoachwa: "Nafikiri, kwa hiyo nipo"

Mara nyingi mtu anapojenga hoja hutaja kitangulizi kimoja, yaani kauli inayotegemeza hitimisho, pamoja na hitimisho lenyewe, na kile kitangulizi cha pili humwachia msikilizaji akijaze mwenyewe. Hoja ya namna hii huitwa entimema. Mfano ninaoupenda kufundishia ni kauli ya mwanafalsafa Mfaransa René Descartes ya mwaka 1637: "Nafikiri, kwa hiyo nipo."

Njia nyepesi ya kuikamilisha ni kuongeza "Ikiwa nafikiri, basi nipo." Hoja inakuwa halali papo hapo, yaani hitimisho linafuata kwa lazima kutoka kwenye vitangulizi, lakini ujazaji huo unawezekana kwa hoja yoyote, hata iliyo mbovu kabisa, kwa kuwa unarudia tu lile "kwa hiyo" kwa maneno marefu zaidi. Kwa sababu hiyo mimi hutafuta kauli ya jumla inayoeleza kwa nini hitimisho linafuata, na hapa kauli hiyo ni "Kila kinachofikiri kipo."

Linabaki swali gumu zaidi: je, mwandishi angekubali kuwa kauli hiyo ni yake? Descartes alikuwa ametilia shaka hata kuwapo kwa mwili wake, kwa hiyo tukimtwika kanuni inayohusu vitu vyote vinavyofikiri, mpinzani atauliza ameipata wapi. Mwaka 1641, akiwajibu wapinzani wake, alikana kwamba mtu hufikia kuwapo kwake kwa silojia, yaani kwa kutoa hitimisho kutoka vitangulizi viwili. Alisema kwamba mtu huliona jambo hilo moja kwa moja ndani ya nafsi yake, na kwamba kanuni ya jumla huzaliwa kutokana na kuona huko. Hata hivyo, mwaka 1644 alikubali kwamba ni lazima kwanza kujua kuwa haiwezekani kitu kifikiri bila kuwapo, akaeleza kwamba hakuitaja kanuni hiyo kwa sababu peke yake haitujulishi kuwapo kwa kitu chochote.

Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yanayoniruhusu kuibakiza. Kanuni hiyo haidai kwamba kuna kinachofikiri. Ingesimama hata kama ulimwengu ungekuwa mtupu, na kwa hiyo shaka juu ya ulimwengu haiigusi. Naiandika hivi: "Haiwezekani kitu kifikiri bila kuwapo," na kando yake naeleza kwamba mwandishi haitumii kama mahali pa kuanzia, bali huitambua katika hali yake mwenyewe. Nikiacha maelezo hayo, nitakuwa nimempa hoja iliyo halali lakini ambayo yeye mwenyewe aliikataa.

Ujazaji huu pia unaonyesha pingamizi la Pierre Gassendi, mwanafalsafa wa wakati wake, linaangukia wapi. Yeye aliona kwamba tendo lolote lingetosha kuthibitisha kuwapo, kwa mfano kutembea. Descartes alijibu kwamba huenda naota tu kuwa natembea. Kasoro, basi, imo katika kitangulizi kilichotamkwa, "natembea," na kile kilichofichika hakina hatia.

Njia hii ina mpaka wake. Katika Tafakuri ya Pili, sehemu ya kitabu chake cha Tafakuri kilichochapishwa mwaka 1641, Descartes haandiki "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Anasema kwamba kauli "mimi nipo" ni kweli kila ninapoitamka au kuiwaza. Ninaposoma andiko hilo siongezi kitangulizi chochote, kwa maana mwandishi hakuacha pengo la kujazwa.