Mshahara wa Mwenzako Si Mtaji Wako

Wiki iliyopita nililetewa tena daftari, na kabla sijalifungua nilisikia maneno yale yale ninayoyasikia karibu kila mwezi: "Dada, biashara ya kazini haina hasara, maana wateja wote wana mshahara." Aliyeyasema ni kijana anayefanya kazi katika ofisi moja hapa mjini Unguja, ambaye mkewe hukaanga katlesi alfajiri naye akazibeba kwenye daladala hadi kazini. Alikuja kwangu kwa kuwa mimi huwawekea hesabu wafanyabiashara wadogo, na pia kwa kuwa anajua kwamba zamani niliwahi kuuza katlesi na sambusa katika ofisi niliyokuwa nimeajiriwa. Alitaka nimweleze kwa nini biashara isiyo na hasara imemfanya akope nauli.

Nakubali kwamba kwa mwajiriwa huu ni mwanzo mwepesi. Hulipi kodi ya fremu, wateja unawajua, na siku usipouza mshahara wako uko pale pale. Kuhusu ruhusa sitasema mengi: mwombe mkuu wako kabla ya kuanza, uza wakati wa chai tu, na usiifanye meza ya kazi kuwa genge. Kuhusu mabaki pia sitasema mengi, kwa sababu dawa yake inajulikana: kusanya oda jioni kwenye kundi la Wasapu, kisha kaanga zilizoagizwa na chache za ziada. Linaloniudhi ni hilo la mshahara, kwa sababu watu huuona kuwa ni dhamana, ilhali ndio unaoleta ukopeshaji wenyewe. Mtu asiye na mshahara hununua katlesi akiwa na pesa mkononi au haili. Mwenye mshahara hula leo na kukwambia "niandikie".

Tuchukue hesabu ya kijana huyu. Alianza na mtaji wa shilingi 60,000. Kila siku ya kazi alileta katlesi 60 na kuziuza shilingi 500 kila moja, yaani mauzo ya shilingi 30,000. Viazi, nyama ya kusaga, mayai, chenga za mkate, mafuta, gesi na karatasi za kufungia vilimgharimu shilingi 18,000, sawa na shilingi 300 kwa katlesi. Faida yake ilikuwa shilingi 12,000 kwa siku, na hapo hakukosea. Kosa ni kwamba nusu ya wateja walikuwa wa mwisho wa mwezi. Pesa iliyoingia mkononi kwa siku ilikuwa shilingi 15,000, na iliyotoka ilikuwa shilingi 18,000, kwa hiyo kila jioni mtaji ulipungua kwa shilingi 3,000 huku katlesi zote zikiwa zimekwisha na kila mtu akizisifu.

Asubuhi ya siku ya 16 ya kazi alikuwa amebakiwa na shilingi 15,000, na hakuweza kununua vitu vya shilingi 18,000. Siku hiyo hiyo daftari lake lilionesha faida ya shilingi 180,000 na madeni ya shilingi 225,000. Hesabu inafunga vizuri kabisa: ukijumlisha madeni na kilichomo mfukoni unapata shilingi 240,000, ambazo ni mtaji wake na faida yake. Alikuwa amepata faida na amekwama kwa wakati mmoja, na hili ndilo watu hawataki kulielewa wanaposema hakuna hasara. Hakuna aliyemdhulumu. Alikuwa akiwalisha wafanyakazi wenzake kwa mtaji wake mwenyewe hadi ukakauka, wiki nzima kabla ya mishahara kutoka.

Kipimo ninachowapa watu ni chepesi: pesa taslimu ya siku lazima itoshe kununua vitu vya kesho. Kwake yeye hiyo ni shilingi 18,000, yaani katlesi 36 za taslimu, kwa hiyo za kukopesha hazizidi 24 kwa siku. Ya 25 unaikopesha kutoka katika mtaji. Ukiwa unauza kwa gharama nyingine badilisha namba, lakini usibadilishe kanuni. Dalili ya kuwa umevuka mpaka si wateja kupungua, maana mara nyingi huongezeka. Dalili ni kuanza kugusa mshahara wako ili ununue mafuta ya kukaangia.

Deni lisilolipwa nalo lina hesabu yake. Kila katlesi iliyoliwa bila kulipwa imekula shilingi 300 zako, nawe katika kila inayolipwa unapata faida ya shilingi 200. Mwenzako akihamishwa tawi na deni la shilingi 10,000, ameondoka na katlesi 20, na itakubidi uuze nyingine 30 ili tu urudi ulipokuwa.

Hapo huambiwa kwamba kuandika deni la mtu unayekaa naye meza moja ni kumvunjia heshima. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, na inasamehe biashara ya mkono kwa mkono tu. Kwa hiyo andika tarehe, idadi na siku ya kulipa, na mwenyewe aone unapoandika. Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kuweka bei mbili, ya taslimu na ya mkopo. Wanazuoni wengi wanairuhusu iwapo bei imekubaliwa mwanzoni, na nyongeza inayowekwa baada ya mtu kuchelewa ndiyo riba. Hata hivyo mimi sipendi bei mbili kwa kitu cha shilingi 500, kwa sababu zinaleta manung'uniko makubwa kuliko pesa yenyewe. Kwenye abaya au madira ya kulipwa kwa miezi miwili, nadhani zinafaa.

Kuna jambo ambalo ushauri wangu mwenyewe haunitoshi. Bosi akikopa, unamdai vipi? Mimi nilikuwa na mkuu wangu aliyekula sambusa kwa mkopo mwezi hadi mwezi, na kila nilipofika mlangoni kwake nikiwa na daftari alinipa kazi nyingine. Mwishowe nililifuta deni na nikaacha kupitisha sinia upande wake. Huwaambia watu wawatoze wakuu taslimu tu tangu siku ya kwanza, lakini sidhani kama mimi ningethubutu. Kinyume chake nacho kipo: ukiwa wewe ndiye mkuu, walio chini yako watanunua hata wasiotaka, na mauzo hayo usiyahesabu kuwa ni soko.

Kijana wangu amepunguza hadi katlesi 40, kwa gharama ya shilingi 12,000, na anakopesha zisizozidi 16. Nimemtaka pia akusanye madeni yote kabla Shaaban haijamalizika. Ramadhani ikiingia hakuna chai ofisini, sinia linakaa nyumbani mwezi mzima, na asiyekuja kununua kwako hana sababu ya kukukumbuka. Mshahara wa mwezi huo una nguo za watoto za Idi zinazousubiri, na deni la katlesi za mwezi uliopita litakuwa la mwisho kufikiriwa.