Joto likipanda, yai limeshatoka

Wiki hii nimeulizwa tena, kwa mara ya tatu: "Nesi, joto la mwili limepanda leo asubuhi, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kushika mimba?" Hapana. Mara nyingi siku yenyewe imeshapita. Kuna watu wanatafuta mtoto miezi na miezi, wanapima kwa bidii, wanaandika kila kitu, kisha wanakutana siku ambazo mlango umeshafungwa. Inaniuma, maana kazi ngumu wameshaifanya.

Mpangilio ni huu. Nusu ya kwanza ya mzunguko estrojeni ndiyo inayotawala, na joto la asubuhi hukaa chini. Yai likishatoka, kifuko lilichokuwemo ndicho kinachotoa projesteroni kwa wingi, na hiyo projesteroni ndiyo inayopandisha joto, kiasi cha nyuzi 0.2 hadi 0.5. Yai kwanza, joto baadaye. Na yai lenyewe huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume ndizo zenye subira: zikikuta ute mzuri wa mlango wa kizazi huweza kukaa hai hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6, yaani zile 5 kabla ya yai kutoka pamoja na siku linapotoka, na zenye nguvu zaidi ni zile mbili za mwisho kabla halijatoka.

Dada mmoja aliniletea kadi yake baada ya miezi saba ya kujaribu. Kadi safi kabisa. Alikuwa akipima kila asubuhi saa ileile, kabla ya kuinuka kitandani, kwa kipimajoto kinachosoma tarakimu mbili baada ya nukta. Kuanzia siku ya 11 ya mzunguko hadi ya 16 aliandika 36.35, 36.40, 36.30, 36.35, 36.30, 36.40. Siku ya 17 joto likawa 36.50, ya 18 likawa 36.60, ya 19 likafika 36.65. Kanuni ninayofundisha ni kutafuta siku tatu mfululizo zilizo juu ya zote sita zilizotangulia, na ile ya tatu iwe imezidi kubwa ya zile sita kwa angalau nyuzi 0.2. Kubwa ya zile sita ni 36.40, kwa hiyo siku ya tatu ilitakiwa ifike 36.60, na imevuka. Joto limepanda kweli, hakuna shaka.

Walikutana lini na mumewe? Siku ya 17, ya 18 na ya 19. Siku ya 13, ya 14 na ya 15 walijizuia, ili mbegu "zijikusanye" wakisubiri joto. Na kwenye safu ya ute, siku hizohizo tatu, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: unateleza, unavutika. Jibu lilikuwa kwenye kadi, safu moja chini ya ile aliyokuwa akiitazama.

Ute ndio unaotangulia, na hapa naomba nichukue muda, kwa sababu kuna neno linaloniudhi. Wanawake wengi wamefundishwa kuuita uchafu. Wakiuona wanajisafisha hadi ndani, wengine kwa sabuni, na dalili pekee inayowaambia habari mapema inaondoka na maji. Si uchafu. Ni ute wa mlango wa kizazi, na estrojeni inapopanda ndiyo inayoubadilisha. Baada ya hedhi, wengi huhisi ukavu siku kadhaa. Kisha unakuja mzito, mweupe au wa kunata, ukiuvuta unakatika. Kisha unakuwa mwepesi, wa kung'aa, kama ute wa yai bichi. Ukiubana kati ya kidole gumba na cha shahada kisha ukaviachanisha polepole, unanyooka bila kukatika. Huo ndio unaolisha mbegu na kuzipitisha. Ule unaowasha, unaonuka vibaya, wa kijani au wa mabongemabonge ni jambo jingine: huo ni wa kupimwa, si wa kuandikwa kwenye kadi.

Namna ya kuangalia ni kupangusa kwa karatasi kabla ya kukojoa, kutoka mbele kwenda nyuma. Sikiliza kwanza karatasi inavyopita: inakwaruza, inapita tu, au inateleza? Ule utelezi nauamini kuliko macho, kwa sababu wapo wanawake wasioona kitu chochote lakini wanauhisi wazi. Siku ya mwisho ya utelezi tunaiita siku ya kilele, na huijui mpaka kesho yake, ute unapokauka au kuwa mzito tena. Kwa dada yule kilele kilikuwa siku ya 15. Ukiniuliza yai lilitoka siku gani hasa, siwezi kukuapia. Huenda ni ya 15, huenda ya 16, hata ya 17 inawezekana. Kadi haioneshi yai, inaonesha nyayo za homoni. Ndiyo maana anayetafuta mtoto namwambia asisubiri kilele: akianza kuhisi utelezi, wakutane kila siku au siku moja baada ya nyingine.

Joto nalo hudanganya. Mwezi mmoja huyo dada alizungushia duara siku ya 8, joto 36.70, akaandika "yai". Nikamuuliza usiku ule alilala vipi. Alikuwa na mafua na hakupata usingizi. Kesho yake joto lilishuka 36.35. Siku moja juu si kitu. Homa, pombe, usingizi usiofika saa tatu mfululizo, au kupima kwa kuchelewa, vyote huinua namba.

Anayekwepa mimba anatumia kadi hiyohiyo kwa kuigeuza. Anahesabu siku tatu baada ya kilele, anahesabu joto tatu za juu, na anaamini dalili ile inayochelewa. Kwa kadi yetu, ute unamwachia jioni ya siku ya 18, joto jioni ya siku ya 19, kwa hiyo ni ya 19. Baada ya hapo nina uhakika mzuri hadi hedhi. Kabla ya kilele sina uhakika huo, kwa sababu hakuna dalili inayotabiri yai siku 5 mbele, na mwezi huu linaweza kuwahi. Katika njia zote za kufuata siku za rutuba, kwa matumizi ya kawaida, wanawake 2 hadi 23 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu inategemea unafuata dalili zipi, na kama kweli mnajizuia au mnavaa kondomu siku za utelezi.

Na wapo ambao siwapi kadi kama kinga. Anayefanya kazi za zamu za usiku, joto lake halisomeki. Mwenye ovari zenye vifuko vingi anaweza kuona utelezi ukija na kuondoka mara kadhaa kabla yai halijatoka, na pengine lisitoke kabisa. Anayenyonyesha na hajaona hedhi ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu yai lake la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi yoyote. Akiniambia mimba nyingine sasa itamhatarisha, kadi naikunja, tunazungumzia kitanzi au kijiti.