Mjadala wa utafiti mdogo: nadharia ifanye kazi, mapungufu yaseme yanavuta matokeo upande gani

Tasnifu nyingi ninazopewa kusoma huitaja nadharia mara mbili tu. Mara ya kwanza ni sura ya pili, inapoelezwa kwa kurasa kadhaa. Mara ya pili ni kwenye mjadala, katika sentensi moja inayosema "matokeo haya yanaendana na nadharia iliyoongoza utafiti huu." Kisha inafuata aya ya mapungufu: wahojiwa walikuwa wachache, muda haukutosha, fedha zilikuwa finyu. Ukizifuta sentensi hizo, mjadala haupotezi chochote, na hapo ndipo mtahini anapoanzia maswali yake.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni, maana mambo haya hayaeleweki yakizungumzwa hewani. Tuseme mwanafunzi wa afya ya jamii amewahoji wanawake 16 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Wote walifikishwa wakiwa na dharura: kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba au uchungu pingamizi, na wote walichelewa. Anataka kujua kilichowachelewesha. Nadharia yake ni ile ya ucheleweshaji wa aina tatu, iliyoelezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994 baada ya kupitia maandiko mengi kuhusu vifo vya uzazi. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika kituoni. Wa tatu ni kuchelewa kupata huduma stahiki baada ya kufika.

Matokeo yake ni haya. Wanawake 11 walisema uamuzi wa kwenda ulimsubiri mume au mama mkwe. Karibu wote walitaja shida ya usafiri, hasa usiku. Halafu kuna watano waliosimulia jambo jingine: dalili zilianza jioni, familia ilikuwa tayari kuondoka, lakini wakaamua kusubiri kuche kwa sababu walijua zahanati ya jirani usiku haina mtu, au kwamba aliyepo atawafokea.

Mwandishi mvivu atayapanga haya chini ya vichwa vitatu, kimoja kwa kila aina ya ucheleweshaji, aseme yote yanaendana na nadharia, afunge kazi. Lakini nadharia iliyokubaliana na kila kitu haijapimwa na kitu chochote. Kwa kila tokeo, jiulize nadharia ingetarajia nini kabla hujaingia uwandani. Usafiri ungetarajiwa kabisa. Mpe msomaji sentensi mbili, endelea. Kumsubiri mume nako kunatarajiwa. Wale watano ndio wenye kazi, kwa sababu kisa chao hakikai sawasawa kwenye kisanduku chochote. Walichelewa kuamua, yaani aina ya kwanza, lakini sababu yao ni ubora wa huduma, ambao wengi wetu tumezoea kuuweka aina ya tatu.

Hapa kuna mtego ambao nimeona wanafunzi wazuri wakiingia. Wanaandika kwa furaha kwamba utafiti wao "umeipinga nadharia," kwa kuwa nadharia inadai hatua hizi tatu hufuatana na wao wameona hatua ya tatu ikirudi kuathiri ya kwanza. Tatizo ni kwamba nadharia wanayoipinga ni ile ya kwenye maelezo ya darasani. Ukirudi kwenye makala yenyewe ya 1994, utakuta waandishi walishaonyesha kwamba ubora wa huduma, jinsi watu wanavyouona, huathiri pia uamuzi wa kuondoka nyumbani. Mtahini aliyeisoma makala hiyo atakukalisha chini kwa swali moja tu. Kwa hiyo kabla ya kudai kuwa umeongeza au umepinga, soma chanzo chenyewe, usitegemee muhtasari ulioutoa kwenye tasnifu ya mwenzako.

Je, basi utafiti umebaki mtupu? Hapana. Makala ile inasema uhusiano upo. Wahojiwa watano wanaweza kuonyesha unavyofanya kazi katika eneo lile. Habari ya zahanati kukosa mtu usiku ilimfikiaje mjamzito ambaye hajawahi kwenda pale usiku? Alisimuliwa na nani? Alipoamua kusubiri alikuwa anapima nini dhidi ya nini? Utafiti mdogo wa mahojiano una uwezo wa kujibu maswali ya aina hiyo, na mjadala unapaswa kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko popote. Aya inaweza kwenda hivi:

"Wahojiwa watano walikuwa wameshaitambua hatari na familia zao zilikuwa tayari kuondoka, lakini waliahirisha safari kwa kutarajia kwamba zahanati haingewahudumia usiku. Thaddeus na Maine (1994) wanauhesabu mtazamo kuhusu ubora wa huduma miongoni mwa mambo yanayoathiri uamuzi wa awali. Masimulizi haya yanaongeza kwamba, kwa wahojiwa hawa, mtazamo huo haukuhusu zahanati kwa ujumla bali saa: zahanati ileile iliaminika mchana na haikuaminika usiku. Hivyo kuchelewa kwao hakukutokana na kutotambua dalili za hatari."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoipa aya thamani. Inasema maelezo gani yaliyozoeleka hayafai kwa kisa hiki. Mjadala usioondoa uwezekano wowote unabaki kuwa matokeo yaliyorudiwa kwa maneno mengine.

Kuhusu hesabu sitakaa sana. Usiandike kwamba asilimia 68.75 ya wanawake humsubiri mume. Andika 11 kati ya 16, basi. Hata kama hao 16 wangechaguliwa kwa bahati nasibu, kadirio kwa uhakika wa asilimia 95 lingeanzia takribani asilimia 41 hadi 89, upana usiomwambia mpanga mipango chochote. Na hawakuchaguliwa hivyo. Walikuwa wale waliokuwepo wodini na wakakubali kuhojiwa.

Tuje kwenye mapungufu. Tofautisha kwanza vikwazo na mapungufu. Mvua iliyokata barabara, kibali kilichochelewa na nauli iliyopanda ni vikwazo: vilikusumbua wewe. Pungufu ni kile kinachomfanya msomaji alisome tokeo fulani kwa tahadhari. Mvua inaingia kwenye mapungufu pale tu ilipobadilisha nani alihojiwa. Vinginevyo itaje kwenye sura ya mbinu, au uiache.

Kanuni ninayowapa ninaowasimamia ni kwamba kila pungufu liseme mambo mawili: linagusa tokeo gani, na linalivuta upande gani, juu au chini. "Sampuli ilikuwa ndogo" haisemi hata moja. Utafiti wetu wa mfano una mapungufu matatu mazito kuliko udogo wa sampuli, na yote yanasomeka vizuri zaidi ukiyapitisha kwenye nadharia ileile.

Kwanza, wote walihojiwa hospitalini, kwa hiyo wote walifika na walinusurika. Waliofia nyumbani au njiani hawamo. Hao ndio ambao ucheleweshaji wa pili uliwaumiza zaidi, hivyo data zetu huenda zinaonyesha tatizo la usafiri kuwa dogo kuliko lilivyo. Tunajua upande linakovuta, ingawa hatujui kwa kiasi gani.

Pili, walihojiwa wakiwa kitandani, na mtu waliyemwona kama sehemu ya hospitali, siku chache baada ya hospitali hiyo kuokoa maisha yao. Mgonjwa wa namna hiyo atamlaumu mume, atalaumu barabara, lakini hatamsema muuguzi anayemhudumia. Ukisoma data hizo ukakuta ucheleweshaji wa aina ya tatu haukujitokeza ndani ya hospitali, usiandike kwamba haukuwepo. Andika kwamba mazingira ya mahojiano yasingeuruhusu kusikika. Na angalia jinsi pungufu hili linavyowahusu wale watano: walithubutu kuilalamikia huduma hata mahali ambapo kulalamika kulikuwa kugumu, na kwa hiyo idadi hiyo huenda iko chini ya ukweli. Pungufu likielezwa vizuri linaweza kuipa hoja nguvu. Usilifanyie ujanja, lakini pia usinyamaze pale linapokusaidia.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyefika kwa wakati aliyehojiwa. Tunajua kwamba 11 kati ya waliochelewa walimsubiri mume au mama mkwe. Hatujui waliowahi walifanya nini. Inawezekana nao waliomba ruhusa vilevile, ila mume alikuwa karibu au simu ilipokelewa. Bila kundi la kulinganisha, huwezi kusema kumsubiri mume ndiko kulikosababisha kuchelewa. Unaweza kusema hivyo ndivyo wahojiwa walivyoeleza kuchelewa kwao. Hapa pungufu linabadilisha vitenzi vya mjadala mzima. Baada ya kuliandika, rudi mwanzo wa sura, tafuta kila "ilisababisha," "ilipelekea" na "imethibitika," uweke "walieleza," "walihusisha," "inaashiria." Mwanafunzi anayekiri pungufu ukurasa wa mwisho huku vitenzi vyake vya ukurasa wa kwanza vikidai uthibitisho anajipinga mwenyewe, na wasomaji makini hulinganisha kurasa hizo mbili.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi mapungufu yote yafungiwe kwenye aya moja mwishoni. Kama chuo chako kinadai kichwa cha habari chake, kiweke, lakini pungufu lenye uzito litajwe palepale tokeo linapojadiliwa. Kwa mfano: "Usafiri ulitajwa na karibu wahojiwa wote, hata hivyo, kwa kuwa waliohojiwa ni waliofanikiwa kufika, uzito wa tatizo hili huenda umeonekana mdogo kuliko hali halisi." Sentensi moja inatosha, na msomaji hahitaji kusubiri kurasa sita ndipo aambiwe asiamini alichokwisha kukiamini.

Mapendekezo nayo hupimwa kwa kipimo hichohicho. Kutokana na wahojiwa 16 wa wodi moja huwezi kuitaka serikali iajiri wahudumu wa usiku katika zahanati zote nchini. Unaweza kupendekeza uongozi wa afya wa wilaya uangalie ratiba za zamu za usiku katika zahanati zilizotajwa, maana hilo linahusu eneo ulilolisikiliza. Na utafiti unaofuata upendekezwe kwa kuyajibu mapungufu yako moja baada ya jingine: kuwahoji wanawake kijijini, wakiwemo waliojifungulia nyumbani, kuzungumza na ndugu wa waliofariki, kumtumia mhojaji asiye mtumishi wa hospitali, na kuwaweka waliowahi kando ya waliochelewa. Ukiandika tu kwamba "utafiti zaidi wenye sampuli kubwa unahitajika," mwenzako atawahoji wanawake 160 katika wodi ileile, na waliofia njiani hawatakuwemo.