Kodi ya pango, pango la ardhi na kodi ya majengo: maneno yanayofanana, madeni yasiyofanana

Juzi jirani yangu, mama mwenye nyumba ya chini yenye fremu mbili za duka kwa mbele, alionyeshwa bili ya Wizara ya Ardhi akasema kwa uhakika kabisa: "Hiyo kodi ya pango mimi nakatwa kila mwezi kwenye LUKU." Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi, wakiwemo wenye hati safi na wafanyabiashara wanaotunza mahesabu yao vizuri. Anachokatwa kwenye LUKU ni kodi ya majengo. Pango la ardhi ni deni lingine kabisa, na linaendelea kukua huku mwenyewe akiamini ameshalilipa.

Kwa ufupi, kodi ya majengo hutozwa kwa sababu umejenga, na pango la ardhi hutozwa kwa sababu umepewa haki ya kukalia kiwanja. "Kodi ya pango", kwa maana ambayo watu wengi mjini wanaitumia, ni fedha ambayo mpangaji anamlipa mwenye nyumba.

Mkanganyiko huu una mizizi katika lugha yenyewe. Neno "kodi" limebeba mizigo miwili tangu zamani: ni malipo ya kutumia mali ya mwingine, ndiyo maana tunasema kukodi gari na kukodisha shamba, na pia ni fedha inayodaiwa na serikali. Wajerumani walipoanza kutoza kila kibanda mwaka 1898, malipo hayo yaliitwa kodi ya nyumba. Leo mtu akisema "kodi ya nyumba imepanda", kila anayemsikia anajua kwamba mwenye nyumba ameongeza bei. "Pango" nalo linatokana na kupanga, kitenzi kilekile kinachotupa mpangaji. Ukiunganisha maneno hayo mawili ukapata "kodi ya pango", umeunganisha maneno yanayoweza kumaanisha kitu kimoja, na msikilizaji hana namna ya kujua unamzungumzia mwenye nyumba, Wizara ya Ardhi au Mamlaka ya Mapato.

Hata hivyo neno "pango" katika "pango la ardhi" halikuwekwa kwa bahati mbaya, na hapa ndipo ningependa tutulie kidogo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi ya Tanganyika chini ya usimamizi wa Gavana. Mwaka 1963, baada ya uhuru, umiliki wa moja kwa moja uliokuwa umebaki mikononi mwa watu wachache ulibadilishwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaendeleza msingi huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati ya miaka 33, 66 au 99 ni mpangaji wa umma, na malipo yake ya kila mwaka ni pango kwa maana halisi ya neno hilo. Ndiyo maana hesabu yake inafuata ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, bila kujali kama juu yake pana ghorofa au nyasi. Mwenye kiwanja kitupu kilichopimwa na kumilikishwa hana kodi ya majengo, lakini pango la ardhi analo. Huomba namba ya malipo Wizara ya Ardhi, analipa na kutunza risiti, kwa sababu siku ya kuuza, uhamisho hautapita deni likiwapo, na kutolipa ni kuvunja sharti la umiliki ambalo linaweza kumfikisha kwenye ubatilisho.

Kodi ya majengo haina historia ndefu hivyo ya maneno, ila imehamahama mno baina ya halmashauri na TRA. Tangu mwaka 2021 inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme, na kwa viwango vya Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa mjini hukatwa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Ukikaa miezi mitatu bila kununua umeme, siku ya kununua utakatwa 4,500 kwa pamoja, na wengi hudhani mita imeharibika. Jengo moja lenye mita kadhaa linatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu. Zaidi ya hayo, anayedaiwa kisheria ni mwenye jengo. Mpangaji ambaye mita yake ndiyo inayokatwa ana haki ya kukumbushia fedha hiyo anapolipa kodi yake ya nyumba.

Sasa tumwangalie mwenye duka katika fremu ya yule mama. Amekubaliana shilingi 300,000 kwa mwezi, analipa miezi sita mbele, yaani 1,800,000, tarehe 10 Machi. Kwa kuwa anapangia biashara, sheria inamtaka azuie asilimia 10, ambayo ni 180,000, aipeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, yaani ifikapo tarehe 7 Aprili, na ampe mama 1,620,000 pamoja na hati ya kodi iliyozuiwa. Hii ndiyo kodi ya zuio ya pango, nayo pia mitaani inaitwa "kodi ya pango". Ni kodi ya mapato ya mama. Mwenye duka ni mkono tu wa kuipeleka.

Tatizo huanza mama anaposema anataka 300,000 kamili mkononi. Mwenye duka akikubali, pango halisi la miezi sita si 1,800,000 tena. Ni 1,800,000 kugawanya kwa 0.9, yaani 2,000,000, na zuio ni 200,000. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye mkataba nao utafuata kiasi hicho kikubwa. Asipoweka fedha hizo kwenye bajeti mwanzoni, atazigundua siku ya kuhuisha leseni ya biashara, pale halmashauri itakapomtaka uthibitisho kwamba hadaiwi kodi na TRA ikamwonyesha zuio lisilopelekwa. Leseni yenyewe ni ada ya ruhusa ya miezi kumi na miwili, haiuzi msamaha wa deni lolote kati ya haya. Na ushuru wa huduma, ambao halmashauri hukokotoa kwenye mauzo na si kwenye faida, unabaki palepale.

Nilimwomba jirani yangu jambo dogo tu: anacholipa Wizara ya Ardhi akiite "pango la ardhi", anachokatwa kwenye LUKU akiite "kodi ya majengo", anachopelekewa TRA na mwenye duka akiite "zuio", na "kodi ya pango" aiachie ile anayopokea kutoka kwa wapangaji wake. Alichukua bili yake, akasoma jina lililoandikwa juu, kisha akaniuliza namba ya malipo inaombwa wapi.