Meno kuwa ya kahawia baada ya dawa ya kusukutua: dhana potofu na ukweli

Siku ya kumi ya kutumia dawa ya kusukutua, shangazi yangu alinipigia simu usiku akiwa na hofu. Alikuwa amesimama mbele ya kioo na kuona mstari wa kahawia ukifuata ukingo wa fizi, umekolea zaidi katikati ya meno ya mbele ya chini. Ulimi nao ulikuwa umepata rangi hiyo hiyo kwa nyuma. Alikuwa amesafishwa meno kwa sababu fizi zilikuwa zinatoka damu, akapewa chupa ya klorheksidini aitumie siku 14. Sasa alikuwa ameamua kuitupa. "Hii dawa inaniunguza meno," alisema.

Nimefanya kazi ya meno kwa miaka mingi, na malalamiko hayo nimeyasikia sana. Karibu kila mara nyuma yake kuna mambo mawili au matatu ambayo mtu hakuelezwa alipokabidhiwa chupa. Ninayoyasema hapa yanahusu klorheksidini, dawa ambayo huandikwa kwa ugonjwa wa fizi au baada ya upasuaji wa kinywa. Maji ya kusukutua ya kuleta harufu nzuri tu yana kanuni zake.

Dhana: Dawa imeunguza meno au imeyaoza.

Ukweli: Rangi ile iko juu ya jino, haijaingia ndani. Klorheksidini ina chaji chanya ya umeme, nayo meno, fizi na ulimi vina chaji hasi, kwa hiyo dawa hunata. Kunata huko ndiko kunakoifanya iwe na thamani, kwa sababu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo kwa saa kadhaa, hata kufikia 12, baada ya wewe kutema. Ndiyo maana mara 2 kwa siku zinatosha.

Lakini kilichonata kwenye jino hunasa na vitu vingine. Chai, kahawa na mvinyo mwekundu vina tanini na rangi zinazoshikamana na dawa iliyobaki, na hapo ndipo kahawia inapotokea. Nilimuuliza shangazi anakunywa nini akishasukutua. Chai ya rangi, akasema, papo hapo, ili kuondoa ule uchungu mdomoni. Hakuwa amekosea kuhusu uchungu, maana dawa hii kweli hubadilisha ladha kwa muda. Ila chai ilikuwa inakuta dawa ndiyo kwanza imenata.

Unaweza kutofautisha doa na tundu kwa kuangalia vizuri. Doa la dawa husambaa kwenye meno mengi kwa wakati mmoja, hukaa karibu na fizi na katikati ya meno, na halina shimo wala maumivu. Rangi iliyo kwenye jino moja, yenye shimo au inayouma ukinywa kitu baridi, ni jambo jingine na inahitaji kuangaliwa haraka. Doa la dawa huondolewa na daktari wa meno kwa kusafisha na kung'arisha. Mswaki wa kawaida mara nyingi hauliondoi lote, na kusugua kwa nguvu kutaumiza fizi ambazo ndizo unazitibu. Tahadhari moja: kama una meno ya mbele yaliyozibwa kwa ujazo wa rangi ya jino, rangi inaweza kuingia kwenye kingo za ujazo huo na isitoke kabisa. Mwambie daktari mapema.

Dhana: Piga mswaki, kisha sukutua papo hapo, ndipo kinywa kiwe safi kabisa.

Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi, na ni rahisi kuelewa kwa nini, kwani linaonekana kama bidii. Dawa nyingi za meno zina kemikali ya kutoa povu iitwayo sodiamu laurili salfeti. Hiyo ina chaji hasi. Ikikutana na klorheksidini, chanya na hasi hushikana zenyewe kwa zenyewe, na dawa haibaki huru kunata kwenye meno. Unasukutua, unasikia uchungu, unaamini umetumia dawa, kumbe sehemu kubwa imeshazimwa.

Suuza povu lote kwa maji baada ya mswaki, kisha subiri angalau dakika 30. Mswaki wenyewe hauachwi, labda daktari akuzuie kwa sababu ya kidonda. Klorheksidini haipenyi vizuri kwenye ukoga mzito uliokwisha kujijenga, kazi yake kubwa ni kuzuia mpya usijengeke juu ya jino lililosafishwa.

Shangazi tulimpangia hivi. Chai na kifungua kinywa saa 12 na nusu asubuhi. Mswaki saa 1, akisuuza vizuri. Dawa saa 1 na nusu. Mpaka saa 2 hali wala hanywi kitu. Usiku, mswaki saa 2 baada ya chakula, dawa saa 3, kisha analala. Chai hakuiacha, aliihamisha tu ikatangulia mswaki na dawa.

Dhana: Ukizungusha mara mbili tatu mdomoni inatosha.

Dawa inahitaji muda wa kugusa kila mahali. Kwa ile ya asilimia 0.12 kipimo cha kawaida ni mililita 15 kwa sekunde 30. Ile ya asilimia 0.2 kwa kawaida ni mililita 10, na maelekezo mengi huitaka dakika 1. Ukipiga hesabu utaona vipimo hivyo viwili vinakupa karibu kiasi kile kile cha dawa, miligramu 18 na 20, kwa hiyo usiongeze wala usipunguze kwa kukisia. Tumia kifuniko chenye alama na usiichanganye na maji, ila kama umeelekezwa hivyo.

Weka saa mbele yako mara ya kwanza. Sekunde 30 mdomo ukiwa umejaa ni ndefu kuliko unavyodhani, na shangazi alipojipima alikuta alikuwa anatema kwenye ya 9. Isukume kwa mashavu ipite katikati ya meno, kulia, kushoto, mbele, halafu teme.

Na mwenye jeraha jipya la kung'olewa jino asisukutue kabisa kwa saa 24 za kwanza. Msukumo wa maji unaweza kung'oa damu iliyoganda inayofunika shimo, na maumivu yake ni makali.

Dhana: Ukimaliza, suuza kwa maji, na ukimeza kidogo ni sawa, itatibu na koo.

Hapana kwa yote mawili. Maji huondoa dawa kabla haijanata vizuri, na pia huufanya uchungu usikike zaidi. Teme tu. Kumeza hakuna faida, na mtoto ambaye hajui kutema asipewe bila daktari kuelekeza.

Dhana: Ikinisaidia, niendelee nayo kila siku.

Tumia siku ulizoandikiwa, ambazo kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4. Kadiri unavyoendelea ndivyo doa linavyokolea, na ugaga nao huweza kuongezeka kwenye meno. Ukivimba uso au midomo, ukitoka vipele au ukapumua kwa shida, acha mara moja uende hospitali. Mzio wa dawa hii ni nadra lakini unaweza kuwa mkali.

Shangazi alimaliza siku zake 14. Fizi ziliacha kutoka damu, na doa lilitoka kwenye kiti cha daktari, bila sindano. Ulimi ulirudi rangi yake wenyewe siku chache baada ya kuacha dawa.