“Vipande vitatu vinatosha”: dhana potofu kuhusu saini ya pembe ndogo

Dhana: Ukitafuta saini ya pembe, yaani sin x, kwa mfululizo, ukichukua vipande vitatu umemaliza kazi.

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote. Ukimwuliza anayeisema kwa nini tatu na si viwili au vinne, hana jibu. Ndivyo alivyonakili daftarini. Mfululizo wenyewe ni huu, x ikiwa katika radiani:

```
sin x = x - x^3/6 + x^5/120 - x^7/5040 + ...
```

Idadi ya vipande haijulikani mpaka useme mambo mawili: pembe ni kubwa kiasi gani, na kosa gani unaweza kulivumilia. Ukishayasema, hakuna la kubahatisha. Alama za jumlisha na toa zinapishana, na kwa pembe za hadi nyuzi 90 kila kipande ni kidogo kuliko kilichotangulia. Kwa hiyo kosa lako haliwezi kuzidi kipande cha kwanza ulichokiacha. Hata upande wake unajulikana: ukiishia kwenye jumlisha jibu limezidi, ukiishia kwenye toa limepungua.

Tuseme umelaza futi kamba ya mita 50 kwenye mteremko wa shamba la chai huko Rungwe, mteremko una nyuzi 12, na unataka kimo kati ya ncha mbili bila kukosea zaidi ya milimita 1. Kimo ni 50 sin x. Milimita 1 ni mita 0.001, igawe kwa 50, unapata 0.00002. Hicho ndicho kipimo chako, na kiandike juu ya karatasi kabla ya kugusa kikokotoo.

Nyuzi 12 ni radiani 0.2094395. Kipande cha pili, x^3/6, ni 0.0015312. Kinazidi 0.00002, kwa hiyo hukiachi. Cha tatu, x^5/120, ni 0.0000034. Hicho kiko chini ya kipimo, kiache. Vipande viwili vinatosha: 0.2094395 − 0.0015312 = 0.2079083, na kimo ni mita 10.3954. Kimo halisi ni mita 10.3956, yaani umepungukiwa kama milimita 0.17, na upungufu ndio uliotarajiwa kwa kuwa uliishia kwenye toa. Ungetumia x peke yake ungezidisha kimo kwa sentimita 7.6.

Sasa chukua ukingo mkali wa nyuzi 45, futi kamba ile ile, kipimo kile kile. Hapa kipande cha nne, x^7/5040, ni 0.0000366, bado kinazidi 0.00002. Anayeng’ang’ania vitatu amekosea karibu milimita 1.8, na hajui. Vitatu hivyo hivyo vilikuwa kazi ya ziada kwenye nyuzi 12.

Dhana: Nyuzi zinaweza kuingia moja kwa moja kwenye mfululizo.

Haziwezi. Weka 12 mahali pa x uone: 12, kisha toa 288, kisha jumlisha 2073.6. Saini haivuki 1. Zidisha nyuzi kwa π na ugawe kwa 180 kwanza.

Dhana: π ya 22/7 haina madhara, kosa linatokana na vipande tu.

Kwenye mfano wetu wa nyuzi 12, 22/7 inaongeza kosa la milimita 4 kwenye kimo, na 3.14 inapunguza milimita 5. Kipande ulichokiacha kilikugharimu milimita 0.17 tu! Andika 3.1416 na kosa la π linashuka hadi milimita 0.02.

Dhana: Mbali na sifuri mfululizo haufanyi kazi.

Unafanya kazi kwa pembe yoyote, ila unakuchelewesha. Kwenye nyuzi 360 vipande vinapanda hadi zaidi ya 80 kabla ya kuanza kushuka. Usijitese: sin 170° ni sawa na sin 10°, hesabu hiyo ndogo.

Dhana: Kuongeza vipande huongeza usahihi wa kazi yote.

Huongeza usahihi wa hesabu, si wa kipimo cha pembe. Pembe ikikosewa kwa dakika 1, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja, kimo kwenye mita hizo 50 kinayumba kwa milimita 14 hivi. Kile kipimo cha milimita 1 kinahitaji pembe iliyopimwa vizuri zaidi ya hapo. Na kama kifaa chako kinasoma mteremko kwa nusu nyuzi, kimo kinaweza kuyumba kwa zaidi ya sentimita 40. Hapo x peke yake, na sentimita zake 7.6, inatosha kabisa.