Konsonanti nne mfululizo: anza na W

Kwenye mchezo wetu wa kukisia neno hapa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, irabu zote huandikwa mwanzoni, na kila mstari uliobaki ni konsonanti. Wachezaji wengi hukimbilia herufi zinazopatikana sana, K au L. Mimi natafuta kwanza pale mistari iliposongamana. Mistari minne bila irabu katikati ni zawadi, kwa sababu Kiswahili kina njia chache mno za kuijaza.

Herufi ya kwanza karibu kila mara ni M. Baada yake hufuata CH+W, kama katika mchwa (wadudu ambao vichuguu vyao tunaviona kila tukitoka mjini), au NY+W, kama mnywaji, au SH+T, kama mshtuko. Mengine ni nadra.

Tazama hili:

```
_ _ _ _ A _ I _ A
```

Ukitaja M utapata, lakini hujajifunza kitu. Taja W. Hapa ikatokea mahali pa nane tu, na hiyo moja imefanya kazi mbili: mwisho ni -IWA, yaani kitenzi cha kutendwa, na mahali pa nne hapana W, kwa hiyo mchwa na mnywaji wameondoka. Imebaki MSHT. MSHTA_IWA ni mshtakiwa. Anayeanza na K hupata herufi ya sita, lakini zile nne za mbele bado hajui azifanye nini.

Irabu inayofuata msongamano nayo husema. Ikiwa ni U, mimi naandika MSHT bila kusita: mshtuko, mshtue. Ikiwa ni E, naanza na MNYW.

Msongamano ukiwa katikati ya neno, ile M huwa ni ya mtendwa. A_I____E__A inaanza kwa ALI-, halafu M ya yeye, halafu nywesha: alimnywesha. Hapo wanaotegemea mazoea ya Kifaransa hupotea, maana wanatafuta NSTR, na kwetu hiyo haipo. Hata hivyo E ina mtego wake: katika "jua limemchwea" ni CHW. Ndiyo maana ninataja N kabla ya Y. Ikikosekana, nahamia H.

Mbinu hii yote inategemea tahajia ya Kiswahili sanifu. Sisi Lubumbashi tunasema mutoto, muntu, na mtunzi akiandika anavyosema, M inapata U yake na msongamano unapungua kuwa konsonanti tatu. Utamtambua mara moja: mafumbo yake mengi yanaanza na _ U. Maneno ya kigeni pia hayafuati njia hizi. Kwa hiyo tunakubaliana tahajia kabla ya chaki kugusa ubao, na anayebadilisha katikati analipa raundi.